Kibwagizo ndicho kibebe ugonjwa

Mashairi ya maradhi marefu yana tabia moja: yanajaa mwanzoni. Mimi niliugua kifua kikuu, ambacho matibabu yake ya kawaida huchukua miezi 6, miwili ya dawa nne na minne ya dawa mbili. Karibu kila nilichoandika kilitoka kwenye kukohoa na homa za usiku. Miezi ya kupata nafuu ilikuwa na shairi moja tu, la shukrani. Ukiyapanga kwa tarehe mashairi ya namna hiyo, msomaji anamwona mgonjwa kitandani, kisha ghafla anamkuta mzima.

Kilichonisaidia ni kutumia kibwagizo kimoja katika mfululizo mzima, badala ya kila shairi kuwa na chake. Changu kilikuwa hiki, mizani 8 kwa 8:

Kifua changu tulia, usiku bado mrefu.

Katika mashairi ya hali mbaya nilikata utao, nikaacha "Kifua changu tulia" peke yake. Huo ni msuko, na hapo una kazi: anayeghani anaishiwa mstari kama mgonjwa anavyoishiwa pumzi. Ila usiutumie kabla ya hali kuzidi. Ukianza nao, msomaji atauona ni mtindo wako tu.

Dawa zilipoanza kufanya kazi, nusu ya pili ikarudi. Baadaye sana, kitenzi ndicho kikabadilika:

Kifua kimetulia, usiku bado mrefu.

Mizani ni zilezile na kina ni kilekile, ila ombi limekuwa habari. Usiku nikauacha ulivyo makusudi, kwa sababu kikohozi huisha mapema kuliko uchovu na woga. Ningebadilisha vipande vyote viwili kwa pamoja, nafuu ingekuja kwa mkupuo, na haiji hivyo.

Lililobaki ni kuijaza ile miezi mitupu. Hapo maneno makubwa kama uzima na tumaini hayafai kitu. Tafuta vitu vya siku ile: mizani ya kliniki inayoongeza nusu kilo, ngazi unayoipanda ukipumzika katikati, mkojo wa rangi ya chungwa unaoletwa na rifampisini. Huo wa mwisho mwenzangu mmoja aliniambia niufute, eti ni aibu. Niliubakisha, maana kila mtu aliyemeza dawa hizo anaujua.

Ukimaliza, nakili vibwagizo pekee kwenye karatasi moja, kwa mpangilio, uvisome kwa sauti. Kama mabadiliko yote yako kwenye mistari miwili ya mwisho, rudi katikati: kuna mashairi hujayaandika. Kama hakuna kinachobadilika kabisa, ulichonacho ni mashairi yanayofanana mada, bado si mfululizo.

Lile la shukrani halikukubali kibwagizo kwa namna yoyote. Nililitoa, nikawapelekea wauguzi wenyewe, wakalibandika ukutani karibu na mizani.