Kuuza templeti kwa watazamaji wako: maswali na majibu

Nafundisha Excel na Google Sheets kwenye YouTube. Nianze kuuza kozi au templeti?

Templeti. Kozi yako italazimika kushindana na video zako mwenyewe ambazo watu wanazitazama bure. Pitia maoni utafute video ambayo watu wanaandika "naomba hilo faili". Tuseme ni ile ya hesabu za duka. Uza faili lililokamilika: karatasi ya mauzo, ya stoo na ya madeni, zikiwa zimeunganishwa kiasi kwamba ukiandika mauzo ya sukari, stoo inapungua yenyewe. Video ibaki bure na ionyeshe fomula zote. Anayelipa ananunua muda ambao angeutumia kuitengeneza, na mwenye duka hana muda huo.

Wateja watatu niliowatumia linki ya Google Sheets wanaandika kwenye faili moja, hesabu zimechanganyika. Nifanyeje?

Uliwapa ruhusa ya Editor, ndiyo maana wote wako ndani ya faili lako. Na ubaya zaidi, kila mmoja anaona wadeni wa mwenzake, kwa hiyo lishughulikie leo. Kwanza kila mteja achukue nakala yake kwa File, kisha Make a copy, afute mistari isiyo yake. Kilichofutwa kimakosa utakipata kwenye Version history ya faili lako la mwanzo. Wakishamaliza, funga ruhusa ya faili hilo.

Kwa wateja wapya, tayarisha faili safi. Kwenye Share weka Anyone with the link iwe Viewer, kisha mwishoni mwa linki ondoa `edit` na yote yanayoifuata, uweke `copy`:

```
https://docs.google.com/spreadsheets/d/ID-YA-FAILI/copy
```

Anayeibonyeza anaombwa kutengeneza nakala kwenye akaunti yake. Kumbuka kwamba ukirekebisha fomula baadaye, nakala zilizokwisha kuchukuliwa hazibadiliki. Andika namba ya toleo kwenye karatasi ya kwanza na utunze orodha ya walionunua, ili uwatumie toleo jipya.

Mmoja akinunua anawagawia kundi zima la WhatsApp. Nifunge kwa nenosiri?

Kwenye Excel, kufunga karatasi kunamzuia mteja asifute fomula kwa bahati mbaya, na kwa hilo fanya. Hakuzuii faili kusambazwa. Mimi ningeweka thamani kwenye kile kisichoweza kutumwa mbele: matoleo mapya, na msaada wa kuingiza bidhaa za mwanzo, kwa walio kwenye orodha yako tu.

Linki yangu haibonyezeki.

Kama ni kwenye Shorts, YouTube iliziondolea linki za maelezo na maoni uwezo huo mwaka 2023. Tumia sehemu ya Related video kumpeleka mtazamaji kwenye video ndefu, na huko weka linki katika mstari wa kwanza wa maelezo. Ikigoma hata huko, huenda akaunti yako haijathibitishwa kwa Advanced features. Utazikuta kwenye mipangilio ya chaneli ndani ya YouTube Studio.