Robił au robiła? Mtafute mtenda kwanza

Wiki hii dada mmoja anayejifunza Kipolandi amenitumia picha ya zoezi lake la kujaza nafasi. Wakati uliopita wote umejaa wino mwekundu. Anauliza: "Dada, miisho hii naikariri vipi?"

Mdogo wangu, usiikariri. Mimi nimefaulu mtihani wa serikali wa ngazi ya B1, na najivunia, maana mwalimu wangu wa kwanza alikuwa anakata alama tu. Ukimuuliza sababu, anakujibu "mtazoea". Hilo bado linaniuma, kwa sababu jambo lenyewe linaelezeka.

Chukua robić, yaani kufanya. Ondoa ć, weka ł, halafu jinsia: mwanaume robił, mwanamke robiła, na dziecko, mtoto, ni robiło. Nafsi inakuja mwisho kabisa, kwa hiyo "nilifanya" ya mwanaume ni robiłem, ya mwanamke robiłam. Kiswahili hakitudai jinsia kwenye kitenzi, ndiyo maana jicho letu hukimbilia mabano na kumruka mtenda. Mtenda ndiye mwenye jibu.

Tazama zoezi kama hili:

Ola i Marek ___ (robić) zakupy, a dzieci ___ (robić) lekcje. Ja ___ (być) zmęczona.

Yaani Ola na Marek walifanya manunuzi, na watoto walifanya kazi za shule. Mimi nilikuwa nimechoka; być ni kuwa. Ola ni mwanamke, Marek mwanaume. Kwenye wingi, mwanaume mmoja tu akiwemo kundini, kitenzi kinakuwa robili. Wangekuwa Ola na Anna, ingekuwa robiły. Nafasi ya pili ndiyo inayowaangusha wengi: dzieci ni watoto, ni watu, lakini jibu ni robiły, hata wakiwa wavulana watupu. Umbo la robili ni la makundi yenye angalau mwanaume mmoja. Dzieci, wanyama na vitu vyote huenda na robiły. Nafasi ya tatu haina jina la mtu, ila zmęczona, "aliyechoka", ina -a ya kike. Basi ni byłam. Ingekuwa zmęczony, ungeandika byłem. Soma sentensi mpaka kwenye nukta ndipo ushike kalamu, nasema tena, mpaka kwenye nukta!

Usidanganywe na -a ya mwisho wa jina. Tata, baba, ni robił. Mężczyzna, mwanaume, naye ni robił. Angalia maana ya neno, siyo mkia wake.

Vitenzi vingi vya -eć vina lake: mieć, kuwa na kitu, hutoa miał na miała, lakini kundi likiwa na mwanaume a inageuka e: mieli. Wanawake hubaki miały. Widzieć, kuona, vivyo hivyo: widział, widziała, widzieli, widziały.

Na ukikuta ja, yaani mimi, peke yake bila dalili yoyote, jaza jinsia yako. Wewe ni mwanamke, andika robiłam. Kama majibu ya nyuma ya kitabu yanaonyesha robiłem tu, hujakosea, na mwalimu akikata alama hapo, mdai.