Mkono mmoja, vipimo viwili: 11.4 au 11.8?

> "Habari wakuu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, bado mgeni kazini. Jana nilimpima mtoto wa miezi 19 mzunguko wa mkono kwa utepe wa rangi wa kupimia utapiamlo nikapata sentimita 11.4, mwenzangu akapata 11.8. Sasa ni nyekundu au njano? Tumwandikie nini?"

Mkuu, msiandike chochote kwanza. Rudini kwa huyo mtoto leo mkampime upya, maana hizo milimita nne zimetoka mikononi mwenu. Nimefanya kazi ya utepe miaka tisa huku Singida vijijini, na karibu kila mara wapimaji wawili wanapopishana hivyo, chanzo ni kati ya vitu vitatu.

Cha kwanza ni katikati ya mkono. Wengi tunaikadiria kwa macho. Mvue nguo mkono wa kushoto, ukunje kiwiko pembe mraba, kisha papasa kwa kidole mpaka uipate ncha ya mfupa wa bega. Pima kutoka hapo mpaka ncha ya kiwiko. Tuseme umepata sentimita 16.2: nusu yake ni 8.1, weka alama hapo kwa kalamu. Ndipo uunyooshe mkono uning'inie. Bila alama, wewe unapima karibu na kiwiko, mwenzako karibu na bega, na kila mmoja anaamini yuko sahihi.

Cha pili ni kukaza utepe, na hapa ndipo watoto wengi wanapoandikwa vibaya. Tazama kingo zote mbili za utepe. Nyama ikibonyea au ngozi ikijikunja pembeni, umekaza mno, na mtoto wa njano atasoma nyekundu. Ukiona mwanga kati ya utepe na ngozi, umelegeza, na huo ndio ubaya mkubwa zaidi, kwa sababu mtoto wa nyekundu anarudi nyumbani. Utepe uguse ngozi mzunguko mzima bila kuiminya.

Cha tatu ni kilio. Mtoto anayelia hukaza msuli, mkono unajaa. Mwache mama amkumbatie, subiri mkono ulegee, ndipo usome namba kwenye kidirisha cha utepe mpaka milimita ya mwisho. Rangi peke yake haitoshi, andika namba.

Kuhusu mipaka: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi 12.4 ni njano, yaani utapiamlo wa kadiri. 12.5 kwenda juu ni kijani. Kwa hiyo 11.5 kamili ni njano, na 12.5 kamili ni kijani. Hapo watu hubishana bure. Zamani mpaka wa nyekundu ulikuwa 11.0. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliupandisha hadi 11.5, kwa sababu walio chini yake wana hatari kubwa zaidi ya kufa. Namba moja inatumika kwa umri wote huo kwa kuwa mzunguko wa mkono hauongezeki sana katika miaka hiyo, ingawa huongezeka kidogo, ndiyo maana utepe huwanasa zaidi wale wadogo. Mtoto wa miaka minne anaweza kuwa amekonda sana kwa uzito na urefu, na bado utepe ukasoma njano au hata kijani. Ukimtilia shaka mkubwa kama huyo, mpeleke zahanati apimwe uzito na urefu.

Na kuna jambo moja linalonikaa rohoni. Mwaka wangu wa pili nilimpima binti wa miaka miwili, 12.9, kijani safi, nikamwambia mama yake arudi nyumbani. Bibi yake ndiye aliyenifuata njiani: "Mwanangu, mbona viatu havimwingii?" Nikabonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili, nikahesabu sekunde tatu. Vishimo vikabaki. Kuvimba miguu yote miwili namna hiyo ni utapiamlo mkali hata utepe ukisema kijani. Alilazwa siku hiyo hiyo, akapona. Tangu siku hiyo nabonyeza miguu kwanza, utepe baadaye.

Sasa huyo wenu. Wekeni alama moja, kila mmoja apime bila kumwambia mwenzake namba aliyopata. Wote mkiangukia 11.4 au chini, mpeni rufaa leo. Zahanati watamjaribu hamu ya kula kwa chakula dawa, na asipokula au akiwa na homa kali atapelekwa kulazwa. Mkipata 11.6 au 11.7 na miguu haina vishimo, ni njano: aingie kwenye huduma ya utapiamlo wa kadiri, nanyi mumpime tena wiki ijayo, mtu yule yule. Mkizidi kupishana, mmoja nyekundu mwingine njano, mimi ningempeleka, wampime upya pale. Tafadhali leta majibu hapa ukishampima.