Kabla hujapanga rosta, hesabu saa zilizo katikati ya zamu

Nimefanya kazi ya zamu miaka mingi katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Mwanzoni nilikuwa mwendesha mitambo ya ubaridi, na baadaye nikapewa jukumu la kupanga rosta. Haya nawaandikia nyinyi mnaokabidhiwa kazi hiyo kwa mara ya kwanza. Mtu akikuonyesha rosta atakuambia kila timu ina zamu mbili za asubuhi, mbili za mchana, mbili za usiku na siku mbili za ofu, kisha atanyamaza kana kwamba amemaliza. Hajamaliza. Hajakuambia zinafuatana vipi.

Zamu zetu ni za saa nane nane. Asubuhi inaanza saa 12 mpaka saa 8 mchana, mchana inaanza saa 8 mpaka saa 4 usiku, na usiku inaanza saa 4 mpaka saa 12 asubuhi. Timu ni nne. Ukizipanga asubuhi, kisha mchana, kisha usiku, kila badiliko linampeleka mtu kwenye zamu inayoanza baadaye zaidi. Huo ndio mzunguko wa kwenda mbele. Ukizipanga usiku, kisha mchana, kisha asubuhi, kila badiliko linamrudisha kwenye zamu inayoanza mapema zaidi, na huo ni mzunguko wa kurudi nyuma. Idadi ya zamu ni ile ile, mshahara ni ule ule, ofu ni zile zile mbili.

Sasa chukua penseli uhesabu saa za mapumziko pale zamu inapobadilika. Ukienda mbele, mtu anatoka asubuhi saa 8 mchana na anaingia mchana kesho yake saa 8: saa 24. Anatoka mchana saa 4 usiku na anaingia usiku kesho yake saa 4: saa 24. Anatoka usiku saa 12 asubuhi, anakaa ofu mbili, anaingia asubuhi: saa 48. Jumla 96.

Ukirudi nyuma, mtu anatoka usiku saa 12 asubuhi na anaingia mchana siku hiyo hiyo saa 8: saa 8. Anatoka mchana saa 4 usiku na anaingia asubuhi saa 12: saa 8 tena. Halafu anatoka asubuhi ya mwisho saa 8 mchana, anakaa ofu mbili, na haingii mpaka saa 4 usiku wa siku inayofuata: saa 80. Jumla 96.

Umeona? Mzunguko wa kurudi nyuma haumnyimi mtu hata saa moja. Unazikusanya zote upande wa ofu na kuacha mianya miwili myembamba katikati ya kazi. Ndiyo maana wafanyakazi wengi wanaupenda, na ndiyo maana mimi mwenyewe niliupenda miaka yangu ya mwanzo. Saa 80 ni kitu kikubwa kwa mtu ambaye kwao ni Ukerewe au Sengerema.

Lakini tazama kwa karibu ule mwanya wa saa nane, kwa sababu hapo ndipo mambo yanapoharibika. Nachukua usiku wa kutoka mchana kuingia asubuhi, wakati nakaa Buhongwa. Saa 4 usiku zamu inaisha, lakini kuna makabidhiano, kunawa, kubadili mabuti na koti la baridi. Natoka getini saa 4 na dakika 20. Nafika nyumbani saa 5. Nakula, naoga, nazima taa saa 6 kasoro robo. Usingizi hauji mpaka saa 6 na nusu. Gari la kiwanda linapita saa 11 kasoro, kwa hiyo naamka saa 10 na robo alfajiri. Zile saa nane zimenipa usingizi wa saa tatu na dakika 45.

Kwa nini usingizi hauji wakati mtu amechoka? Mwili una saa yake ndani, nayo kwa watu wazima wengi inakwenda kidogo zaidi ya saa 24, kwa wastani dakika kumi hivi za ziada kwa siku. Mwanga wa jua ndio unaoirekebisha kila siku. Kwa kuwa mwelekeo wake wa asili ni kuchelewa, kukesha saa mbili zaidi ya kawaida ni rahisi kuliko kulala saa mbili mapema. Tena, katika saa mbili tatu kabla ya muda wako uliozoea kulala, mwili unakuwa macho kuliko unavyodhani, hata kama ulichoka mchana kutwa. Mtu wa zamu ya mchana aliyezoea kulala saa 7 usiku, ukimwambia alale saa 5 kwa sababu kesho anaingia asubuhi, unamwambia alale katikati ya muda huo. Atajigeuza kitandani. Mzunguko wa kurudi nyuma unamdai jambo hilo kila zamu inaposogea, na papo hapo unambana muda.

Sitasahau asubuhi moja ya mwanya huo. Kwenye chumba cha kompresa za amonia tuna daftari la kila saa: presha ya kuvuta, presha ya kusukuma, kiwango cha mafuta, nyuzijoto za vyumba vya kugandishia. Saa 3 asubuhi supavaiza aliniita nione ukurasa wangu. Mistari mitatu ilikuwa na tarakimu zile zile neno kwa neno, na kwenye mstari wa nne wino ulikuwa umeteleza kutoka kwenye kisanduku mpaka pembeni ya karatasi. Sikukumbuka kuandika mstari wa tatu wala wa nne. Tulipokwenda kuangalia, mafuta ya kompresa namba mbili yalikuwa yameshuka chini ya alama. Hakuna aliyeumia, na samaki hawakuharibika, lakini mtambo ule ukipata shida, amonia inaua watu. Siku hiyo ndipo nilipoanza kuhesabu saa za katikati.

Kisheria pia mwanya huo una tatizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi angalau saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Saa 8 zinaruhusiwa kwa masharti maalumu tu, likiwemo la makubaliano ya maandishi. Rosta ya kurudi nyuma kama ile niliyoieleza inagusa kikomo hicho mara mbili katika kila siku nane. Afisa utumishi akikuuliza kwa nini unataka kugeuza mwelekeo, anza na hapo.

Msidhani kwamba kwenda mbele kunatibu kila kitu. Kwa zamu mbili mbili za usiku, saa ya mwili haipati muda wa kuhama, uende mbele au urudi nyuma. Alfajiri ya saa 10 bado mwili uko chini kabisa, na yeyote aliye kazini atalisikia hilo. Faida kubwa ya kwenda mbele katika rosta ya haraka kama yetu ni ile mianya ya saa 24. Zamu zikikaa muda mrefu zaidi kwa kila aina, hapo ndipo kule kuchelewa kwa saa ya mwili kunapoanza kufanya kazi yenyewe. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni kiwanda cha madini huko Utah, Marekani, ambako Charles Czeisler na wenzake waliandika mwaka 1982 kwamba wafanyakazi waliohamishwa kutoka mzunguko wa kurudi nyuma kila wiki kwenda mzunguko wa mbele wa siku 21 waliridhika zaidi na uzalishaji ukapanda. Ila pale walibadilisha mambo mawili pamoja, mwelekeo na urefu, kwa hiyo usichukue matokeo yale yote ukayaweka kwenye mwelekeo peke yake.

Mzunguko wa mbele nao una sehemu yake dhaifu: kutoka usiku kurudi asubuhi. Ukiangalia tena hesabu, bila ofu pale mwanya ungekuwa sifuri. Kwa hiyo ofu zikae hapo, zote mbili, na usikubali mtu yeyote azihamishe. Na siku ya kwanza ya ofu hiyo si ofu kamili. Mtu anatoka saa 12 asubuhi, hapa kwetu jua linachomoza saa moja kasoro, na anafika nyumbani akiwa na mwanga wote wa ziwa machoni. Mimi huwaambia watu wangu: lala kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 5 au 6, kisha amka hata kama unatamani kuendelea, kaa nje juani mchana, halafu lala saa 3 au 4 usiku. Anayelala kutwa nzima siku hiyo atakesha usiku, na asubuhi ya kuingia kazini itamkuta bado ana macho ya zamu ya usiku.

Tulipogeuza rosta, malalamiko yalikuja. Mzee mmoja wa chumba cha kukatia minofu, ambaye kwao ni Nansio kule Ukerewe, aliniambia, "Mwanangu, umeninyang'anya Nansio." Alikuwa sahihi kulalamika, maana saa 80 zilikuwa zimekuwa 48, na nusu ya siku ya kwanza ni ya kulala. Nilikaa naye na kalenda. Akichukua siku mbili tu za likizo yake ya mwaka kwenye zile asubuhi mbili zinazofuata ofu, anatoka saa 12 asubuhi baada ya usiku wa mwisho na haingii mpaka zamu ya mchana: saa 104. Hafanyi hivyo kila mzunguko, lakini anapohitaji kwenda kwao anakwenda bila haraka.

Jambo la mwisho la kuangalia ni kubadilishana zamu. Rosta yako inaweza kuwa nzuri ukutani na ikaharibikia kwenye daftari la mabadilishano. Mama mmoja anamwambia mwenzake, "Nibebee asubuhi yangu ya kesho, mwanangu ana kliniki," na mwenzake anatoka mchana leo saa 4 usiku. Mwanya wa saa nane umerudi kwa mlango wa nyuma. Sasa kwenye daftari letu, kila anayeomba kubadilishana anaandika saa ambayo mbebaji atatoka na saa ambayo ataingia, na pembeni anaandika tofauti yake. Ikiwa chini ya 12, supavaiza hasaini, na tunamtafuta mtu mwingine, kwa kawaida aliye siku yake ya pili ya ofu.