Kusafisha Tsh, TZS, /= na Sh kwenye safu ya kiasi

"Wakuu, nipo Arusha, naingiza ankara na risiti za vipuri vya magari ya safari kwenye Excel. Kiasi kimeandikwa Tshs., TZS, Sh, /=, /-. Nikijumlisha, nyingine hazihesabiki. Nizisafisheje?"

Mkuu, hazihesabiki kwa sababu SUM inaruka seli yenye maandishi, na haikuonyi. Usiguse safu ya asili. Ongeza mbili pembeni: sarafu na kiasi.

Jaza sarafu kwanza, ukiwa bado unaitazama ankara. "Sh 3,500" au "3,500/=" inaweza kutoka kwa muuzaji wa hapa au wa ng'ambo ya Namanga, maana Wakenya nao huandika hivyo hivyo. Angalia namba ya mlipakodi: TIN yetu ni tarakimu 9 tupu, PIN ya KRA huanza na kuishia na herufi. Ndipo uandike TZS au KES.

Sasa kiasi. Wengi hufuta kila kisicho tarakimu, na hapo ndipo hesabu inapoharibika: "45,000.00/=" inageuka 4500000, mara mia ya bei. Ukifuta herufi, nafasi na koma ukaacha nukta, "Tshs. 45,000" inabaki ".45000", yaani senti 45. Na ukiondoa mkwaju peke yake kwenye "45,000/-", kistari kinabaki nyuma. Ukipitisha safu hiyo kwenye Text to Columns, Excel huisoma kuwa hasi 45,000.

Kwa hiyo ondoa alama unazozijua tu, ndefu kabla ya fupi:

```
=NUMBERVALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(UPPER(A2),"TSHS.",""),"TSHS",""),"TSH.",""),"TSH",""),"TZS",""),"/=",""),"/-",""),".",",")
```

UPPER ipo kwa sababu SUBSTITUTE inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Alama mbili za mwisho zinaiambia NUMBERVALUE kwamba nukta ni ya senti na koma ni ya maelfu, hata kompyuta yako iwe imepangwa kinyume.

"Tshs. 45,000.00/=" inatoka 45000. "Ksh 3,500" na "Sh 3,500" zinatoa #VALUE!, na ndivyo inavyotakiwa: SH peke yake sikuiweka makusudi, ili seli hizo zisimame hadi mtu athibitishe sarafu. Ukishathibitisha, andika kiasi kwa mkono. Dola nazo usiziongeze kwenye fomula hii. Zipe yake, na usijumlishe sarafu mbili kwenye mstari mmoja.

Mambo mawili yanapita bila kelele. Seli tupu inatoa 0, kwa hiyo chuja sifuri zote. Na "45.000/=", ya mtu anayetenga maelfu kwa nukta, inatoka 45. Chuja kila kiasi cha TZS kilicho chini ya 50, maana hata sarafu yetu ndogo ya mkononi ni 50, kisha rudi kwenye karatasi. Kichujio hicho hakitaikamata "450.000", itakayotoka 450, hivyo tafuta pia kwenye safu ya asili nukta inayofuatwa na tarakimu tatu.