Bomba la moshi linalotikisika kwa upepo wa wastani

"Bomba la moshi la tanuri letu hapa Kigoma, kipenyo sentimita 40, urefu mita 12, linatikisika upepo wa ziwani ukiwa wa kawaida. Ukivuma sana linatulia. Kwa nini?"

Habari mkuu. Angalia kwanza linayumba kuelekea wapi. Likiyumba kukingama na upepo, chanzo ni vizingia, yaani mizunguko ya hewa, vinavyobanduka nyuma yake, kushoto na kulia kwa zamu.

Lirekodi kwa simu, uhesabu miyumbo. Tuseme ni 25 kwa sekunde 10, yaani n = 2.5 kwa sekunde. Namba ya Strouhal (St), inayounganisha mdundo wa vizingia na kipenyo na kasi ya upepo, kwa bomba la duara hapa ni karibu 0.2. Hivyo upepo hatari U, ambao vizingia vinabanduka kwa mdundo uleule wa bomba, kwa kipenyo D cha mita 0.4 ni:

U = n × D / St = 2.5 × 0.4 / 0.2 = mita 5 kwa sekunde

Karibu na kasi hiyo mtikisiko wenyewe huvifunga vizingia kwenye mdundo wake, ndiyo maana hauachi upepo ukibadilika kidogo. Upepo ukizidi sana, mdundo wa vizingia na wa bomba inaachana.

Dawa ni kuchomelea mabati matatu ya kuzunguka kama skrubu kwenye theluthi ya juu: kimo sentimita 4, mzunguko mmoja kila mita 2. Yanaongeza msukumo wa upepo, kwa hiyo kagua kwanza boliti na nyufa za welding pale chini.