Maharage mia moja ya kikoba cha Kayenze, na deni langu la asilimia 10 tu

Mwaka wa pili chuo nilikopa laki mbili kwa jamaa wa mtaani. Simtaji, na wala sio yeye tu, wako kibao. Simu yangu ilikuwa imekufa, bumu halijaingia, mi nikaona asilimia 10 kwa mwezi si kitu, elfu ishirini tu, nitajibana. Hiyo ilikuwa mwisho wa Machi. Mwezi wa kwanza sikulipa, wa pili sikulipa, unajua ile hali ya kusema nitalipa yote kwa mkupuo, basi mpaka mwisho wa Julai nimetimiza miezi minne sijapeleka hata mia. Hesabu yangu kichwani ilikuwa elfu ishirini mara nne, elfu themanini, jumla 280,000. Jamaa akanitumia meseji: 292,820.

Nilichukia bana. Sio elfu kumi na mbili tu, ni ile 820, yaani mtu anakuibia mpaka na chenji anaweka. Nikapanda haisi nikaenda Kayenze, kule kando ya ziwa, kwa shangazi, likizo ilikuwa imeanza, na nimejaa maneno.

Shangazi anauza dagaa pale mwaloni, soko la samaki la ufukweni, na yuko kwenye kikoba cha kina mama, watu ishirini, wanakutana kila Jumapili mchana wakishatoka kanisani. Kama hujawahi kuona kikao cha kikoba ni hivi: kuna sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti na hakuna hata mmoja wao anayelala na sanduku. Kila mtu ana kitabu chake na akinunua hisa anagongewa muhuri, hisa moja ni 2,000, kima cha chini moja, mwisho tano kwa kikao. Halafu hela zinahesabiwa mbele ya wote zinakopeshwa palepale, riba asilimia 10 kwa mwezi. Nilivyosikia hivyo nikamwambia shangazi, kumbe na nyie ni walewale tu.

Mweka hazina akanisikia. Mama mmoja mtu mzima, sauti ya chini, kaishia la saba. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kisa chote nikamwambia, hakucheka. Akatuma mtoto alete maharage, akatandika kanga chini akaniambia hesabu mia moja. Nikahesabu mbele za watu mwanafunzi mzima wa chuo kikuu.

"Haya, hayo ndio uliyokopa. Mwezi umeisha, riba yake ngapi?"

Kumi. Akaweka kumi pembeni. "Umemlipa?" Sijamlipa. Akayasukuma yale kumi kwa kiganja yakaingia kwenye fungu kubwa, yakapotea, huwezi tena kujua lipi ni la mkopo lipi ni la riba. "Sasa ziko ngapi?" Mia na kumi. "Mwezi wa pili riba ngapi?" Nikataka kusema kumi, nikajishika. Kumi na moja.

Akachukua lile moja la mwisho akaliinua mbele ya macho yangu. "Hili limetoka wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na kompaundi intaresti nilishafanyia mtihani nikapata B. Lile harage moja halikuzaliwa na yale mia. Limezaliwa na yale kumi ambayo sikulipa mwezi wa kwanza. Kina mama wale wanaiita riba juu ya riba, hawana jina lingine, na sioni kama linahitajika. Tukaendelea, mwezi wa tatu mia na ishirini na moja yanazaa kumi na mbili na kipande (akavunja harage kweli, kipande sehemu ya kumi, ikabidi tukadirie), yakafika 133 na kidogo, mwezi wa nne ikafika 146 na kidogo. Laki mbili ni maharage mia mara elfu mbili, zidisha utaona. Jamaa hakuwa ameniibia hata ile 820.

Ukitaka kukagua deni lako kwenye simu usihangaike na fomula, asilimia 10 maana yake kila mwezi unazidisha kwa 1.1, miezi minne mara nne:

```
200000 × 1.1 × 1.1 × 1.1 × 1.1 = 292820
```

Ikiwa asilimia 5 unazidisha kwa 1.05, ikiwa 20 ni 1.2. Ukitaka kujua deni litajirudia mara mbili lini chukua 72 gawa kwa asilimia, 72 kwa 10 ni saba na kitu, kwahiyo kati ya mwezi wa saba na wa nane laki mbili inakuwa laki nne, na ukifunga mwaka mzima bila kulipa inafika 627,686. Ile njia yangu ya elfu ishirini kila mwezi ingekupa 440,000. Miezi ya mwanzo tofauti ni ndogo ndio maana mtu hashtuki.

Na kitu kingine nilikuja kujifunza baadae kwa kuuliza uliza: wapo wanaotaja asilimia 10 wakamaanisha kwa wiki. Kwa hesabu hiyohiyo ile 292,820 inafika kwa wiki nne badala ya miezi minne. Kwahiyo kabla ya kusaini muulize mtu maswali mawili, asilimia ngapi kwa muda gani, na nisipolipa riba je, inaingia kwenye mkopo au inakaa pembeni. Akijiumauma kwenye la pili ondoka.

Turudi Kayenze. Nikamuuliza mweka hazina, sasa nyie mnatofautiana nini na jamaa yangu maana asilimia ni ileile. Akasema kwetu riba hailali. Kila mwezi lazima ulete riba kwenye kikao hata kama mkopo wenyewe hujagusa, usipoleta unapigwa faini na jina linasomwa, na riba inahesabiwa kwenye deni lililobaki. Yaani yale maharage kumi hayaachwi yaingie kwenye fungu lako.

"Yanaenda wapi?" nikauliza. Akanionyesha mama mwingine palepale ambaye amekopeshwa siku hiyohiyo. Ningekuwa nimekopa kwao, riba yangu ya elfu ishirini anapewa yeye, mwezi ujao inazaa elfu mbili. Kwahiyo riba juu ya riba ipo palepale haijafutwa, ila kwa jamaa inatoka kwangu inaenda kwake, kwa kikoba inatoka kwenye riba niliyokwisha kulipa inaingia sandukuni, na siku ya kuvunja kikoba, mwisho wa mwaka, inagawanywa kwa wenye hisa, na mkopaji mwenyewe ni mwenye hisa. Mi nililala na hilo.

Shangazi alikuwa na hisa za kutosha, wao wanakopesha mpaka mara tatu ya akiba yako, akachukua laki tatu kwa jina lake nikamalize kwa jamaa. Makubaliano miezi mitatu. Nikapiga kazi mwaloni Agosti yote, kuanika na kufunga magunia, na nikajua kumbe dagaa nao wana kalenda, mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi ya taa inakaa nchi kavu kwa sababu dagaa hawafuati taa wakati mwezi unamulika ziwa zima, kwahiyo kipato ni cha giza tu. Mwezi wa kwanza nikalipa riba 30,000 na laki moja ya mkopo. Mwezi wa pili mvua zilianza mapema, dagaa wakalowana kwenye chanja wakauzwa bei ya chakula cha kuku, nikaambulia kulipa riba tu, 20,000. Mwezi wa tatu bumu liliingia nikamaliza, 220,000. Jumla 370,000. Ningemwachia jamaa miezi mitatu zaidi ingekuwa 389,743. Nakubali tofauti sio ya kutisha, asilimia 10 kwa mwezi ni ghali popote utakapoikuta, kikoba kikiwemo. Ila ule mwezi wa mvua deni langu lilibaki pale pale, halikupanda.

Sasa mi na kichwa changu cha chuo nikaanza kuota. Kama mkopo unazidishwa kwa 1.1 mara kumi na mbili basi na akiba vilevile, laki moja ukiweka Januari Desemba una 313,843! Nikampelekea mweka hazina hesabu kwenye karatasi. Hapa ndio alicheka. Akafungua daftari la mwaka uliopita: hisa 2,880, sawa na 5,760,000, faida baada ya yote 2,016,000. Jumla 7,776,000 gawa kwa hisa 2,880, kila hisa ya 2,000 ilirudi 2,700.

Nikauliza hela nyingine ilipotelea wapi. Haikupotea, haikuwahi kuzaliwa. Hisa zinaingia kila wiki kidogokidogo kwahiyo hela ya Oktoba haina miezi kumi na mbili ya kuzaa. Kuna wiki hakuna mkopaji na hela inalala kwenye sanduku, na ya kwenye sanduku haizai hata shilingi. Halafu mwezi mmoja kabla ya kuvunja wanasimamisha mikopo mipya ili madeni yote yarudi. Ile 1.1 inafanya kazi tu kwenye hela iliyo mikononi mwa mtu anayelipa. Mtu akikuonyesha mahesabu ya kikoba yanayopanda kila mwezi bila kukatika, mwambie afungue daftari la mikopo uone kweli hela yote ilitoka.

Nikaona mwanya lakini. Hisa zote zinalipwa sawa, ya Januari na ya Desemba. Bumu lilikuwa limebaki laki moja, nikamwambia shangazi tununue hisa hamsini sasa hivi kwenye kitabu chako, wiki tano tunavuna 35,000 ya bure. Akanitazama tu, akaniambia kamwulize mama.

Mama mweka hazina akasema kwa nini unadhani tuliweka mwisho tano.

Shangazi alikuwa ananunua tatu kila Jumapili, kwahiyo nafasi ilibaki ya mbili. Wiki tano, hisa kumi, elfu ishirini. Siku ya kuvunja nikapata 27,000, na hela yangu haikuwa imekopeshwa hata siku moja, ilikaa sandukuni ikisubiri. Ile 7,000 ilizaliwa na hela za kina mama wa Januari. Mama mmoja aliyenunua toka kikao cha kwanza alikuwa amekaa mbele yangu anahesabu zake, akanyanyua macho akaniuliza, "Na wewe mjomba umepata?" Nikamwambia nimepata mama, kidogo tu, nikainama kufunga kamba za viatu.